Uzi: Wateja wanaondoka kila mwezi, bosi anasema tumebakiza asilimia 112. Inawezekanaje?

#1 Nuru_ya_Ilala

Wakuu habari. Kuna jambo linanisumbua kichwa wiki ya pili sasa.

Niko huduma kwa wateja kwenye kampuni ndogo hapa Dar. Tunauza mfumo wa stoo na mauzo kwa famasi, maduka ya dawa muhimu na zahanati. Mteja analipa ada kila mwezi. Simu za "naomba mnifungie akaunti" zote zinapita mezani kwangu, kwa hiyo sihitaji kuambiwa kwamba tunapoteza watu. Juzi bosi kawaonyesha wawekezaji slaidi yenye maandishi makubwa: NRR 112%. Akaeleza kwamba katika kila shilingi mia ya wateja wetu wa mwaka jana, tumebakiza mia na kumi na mbili.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikiwa na trei ya mayai thelathini, mengine yakavunjika, nitabakizaje thelathini na matatu? Na hawa ninaowafungia akaunti kila wiki wamehesabiwa wapi? Simtuhumu bosi kwa uongo. Nataka kuelewa hiyo namba inasema nini, kwa sababu mkutano ujao mimi ndiye nitakayeulizwa habari za wateja.

#2 Kibuyu_cha_Data

Mkuu, hiyo ni rahisi. Chukua mapato ya Januari hii, gawa kwa mapato ya Januari iliyopita. Ikizidi mia maana yake wateja wapya wamefunika pengo la walioondoka. Biashara imekua, msiwe na wasiwasi.

#3 Mzee_wa_Leja

Kibuyu, kugawa umepatia, lakini wateja wapya umewaingiza mahali ambapo hawana ruhusa ya kuingia. Ulichoeleza wewe ni ukuaji wa mapato kwa ujumla. NRR, yaani ubakizaji halisi wa mapato, ni kitu kingine.

Nuru, fikiria hivi. Tarehe 1 Januari mwaka jana unafunga mlango. Waliomo ndani ndio kundi lako, unaandika kila mmoja analipa kiasi gani kwa mwezi. Miezi 12 baadaye unarudi kwa watu wale wale, unauliza kila mmoja analipa kiasi gani sasa. Aliyeondoka anaandikwa sifuri. Aliyepunguza kifurushi anaandikwa kiasi kilichopungua. Aliyeongeza matawi anaandikwa kiasi kilichoongezeka. Aliyejiunga Machi hayupo kwenye karatasi kabisa, hata kama analipa mamilioni. Jumla ya sasa gawa kwa jumla ya mwanzo.

Kwa hiyo mayai yako hayakuongezeka idadi. Yamevunjika kweli, ila baadhi ya yaliyobaki yamekuwa makubwa. Na neno "kubakiza" ndilo linalokuchanganya, maana kipimo hiki kinachanganya kubakiza na kuongeza kwenye namba moja. Kipimo cha kubakiza peke yake ni GRR, ule ubakizaji ghafi. Ule hauruhusu kuongezeka kokote. Muulize bosi GRR ni ngapi.

#4 Bwana_Kodi

Naona mnazunguka sana. Ghafi ni kabla ya kodi, halisi ni baada ya kodi. Kama NRR ni mapato halisi basi toeni VAT asilimia 18 kwanza ndipo mlinganishe. Labda hiyo 12 iliyozidi ni kodi ambayo haijatolewa.

#5 Mzee_wa_Leja

Hapana ndugu yangu, hapa ghafi na halisi hazihusu kodi. Ghafi inatoa walioondoka na waliopunguza, basi. Halisi inatoa hao kisha inarudisha ongezeko la waliobaki. Ila umegusa jambo moja la maana: ada zote ziandikwe bila VAT, mwanzo na mwisho. Nimewahi kuona shiti ambayo Januari imeandikwa bila VAT na Disemba pamoja na VAT. Hapo kila mteja "amekua" asilimia 18 bila kujua.

#6 Bwana_Kodi

Sawa, nimeelewa. Naendelea kusoma.

#7 Mama_Maziwa_Mza

Mimi sina mifumo ya kompyuta, nasambaza maziwa hapa Mwanza, lakini nilichosoma kwa Mzee nimekiishi.

Mwaka juzi nilianza na wateja 20, lita 200 kwa siku. Mwaka ukaisha, wateja saba wameondoka, na lita zao 50. Lakini hoteli moja iliyokuwa inachukua lita 30 ilifika lita 110. Kwa hiyo wale wale wa mwanzo walikuwa wananichukulia lita 230. Kwa hesabu yenu hiyo ni asilimia 115, si ndiyo? Na mimi nilifurahi kweli, nikakopa nikanunua tangi la kupozea.

Kumbe wale saba walioondoka walikuwa wananiambia kitu. Maziwa yalikuwa yanachelewa asubuhi, wenye migahawa wanahitaji chai saa kumi na mbili. Hoteli haikujali kwa sababu wao wanapokea saa tatu. Mwezi wa tano hoteli ikafungwa kwa ukarabati. Nikabaki na lita 120, na tangi, na mkopo. Nilijua lita zangu zote isipokuwa zile 50 zilizokuwa zinalia.

#8 Mzee_wa_Leja

Mama, umefundisha kuliko mimi. GRR yako ilikuwa asilimia 75 wakati NRR inasoma 115. Hizo 75 ndizo zilikuwa habari za chai ya saa kumi na mbili.

#9 Kibuyu_cha_Data

Nimekubali la wateja wapya. Lakini Mzee, umesema GRR haizidi mia. Mbona sehemu niliyofanya kazi zamani tulikuwa tunaripoti GRR ya 104? Tulitoa walioondoka, kisha bei ikapanda kwa waliobaki, ikatoka 104.

#10 Mzee_wa_Leja

Basi ile haikuwa GRR, mlikuwa mnaandika NRR kwa jina la ndugu yake. GRR inahesabiwa mteja mmoja mmoja, na kila mteja amewekewa dari: ada yake ya siku mlango ulipofungwa. Alikuwa analipa laki moja, sasa analipa laki tatu, kwenye GRR anahesabiwa laki moja. Sasa analipa elfu sitini, anahesabiwa elfu sitini. Kwa mpangilio huo haiwezekani ipite mia hata ukitaka. Ukiona GRR ya 104, au hata ya mia kamili kwa kampuni yenye wateja wengi wadogo, anza kukagua shiti.

#11 Nuru_ya_Ilala

Ahsanteni sana. Nimepewa shiti na dada wa uhasibu. Wateja 200 wa Januari mwaka jana, kila mmoja na mstari wake. Safu B ni ada ya Januari iliyopita, safu C ni ada ya Januari hii. Nimefuata maneno ya Mzee, nikaweka dari kwa kila mteja:

```
D2:   =MIN(B2,C2)
GRR:  =SUM(D2:D201)/SUM(B2:B201)
NRR:  =SUM(C2:C201)/SUM(B2:B201)
```

NRR imetoka 112% kama ya bosi. GRR imetoka 96%. Sasa nimechanganyikiwa upya, maana 96 ni nzuri mno. Nimefunga akaunti 52 kwa mkono wangu mwaka jana.

#12 Mzee_wa_Leja

Nuru, nenda kwenye mstari wa mteja mmoja uliyemfunga. Safu C ina sifuri au ina utupu?

#13 Nuru_ya_Ilala

Utupu. Wote 52 hawajaandikwa kitu.

#14 Mzee_wa_Leja

Hapo hapo. `MIN` ikikutana na seli tupu inairuka, haiichukui kama sifuri. Kwa hiyo `=MIN(B2,C2)` kwa mteja aliyeondoka inarudisha ada yake yote ya zamani. Wateja 52 walioondoka umewahesabu kama wamebaki asilimia mia. Na `SUM` haijali utupu, ndiyo maana NRR yenu ilitoka sawa na hakuna aliyeshtuka.

Andika 0 kwenye seli zote tupu za safu C, rudia.

#15 Nuru_ya_Ilala

Nimerudia. GRR ni 81%.

Naandika yote ili mnisaidie kusoma. Mwanzo wateja 200, jumla milioni 40 kwa mwezi. Walioondoka ni 52, wameondoka na milioni 6. Waliopunguza kifurushi ni 14, wamepunguza milioni 1.6. Inabaki milioni 32.4, ndiyo hiyo 81. Halafu ongezeko la waliobaki ni milioni 12.4, tunafika 44.8, ndiyo 112.

Nikihesabu vichwa badala ya shilingi, wamebaki 148 kati ya 200, asilimia 74. Kwa hiyo kampuni ile ile, mwaka ule ule, ni 74, 81 na 112. Nimekaa naziangalia hizi namba tatu muda mrefu.

#16 Kibuyu_cha_Data

74 iko chini ya 81 maana yake walioondoka ni wadogo kuliko wastani. Hilo nina uhakika nalo leo, Mzee usinisahihishe.

#17 Mzee_wa_Leja

Leo umepatia bila kasoro. Wastani wa ada ni laki mbili, walioondoka wastani wao ni kama laki moja na elfu kumi na tano.

Nuru, sasa panga safu C kutoa safu B kutoka kubwa kwenda ndogo. Nani yuko juu ya orodha kwenye hizo milioni 12.4?

#18 Nuru_ya_Ilala

Taasisi moja ya dini yenye zahanati mikoani. Walianza na vituo 12 kwa elfu 150 kila kimoja, milioni 1.8. Sasa wana vituo 60, milioni 9. Ongezeko milioni 7.2 peke yao.

Anayefuata ana ongezeko la laki nne.

#19 Mzee_wa_Leja

Mtoe huyo pande zote mbili, usimtoe mwishoni tu. Mwanzo inabaki milioni 38.2. Mwisho inabaki milioni 35.8. NRR ya wateja wenu 199 ni asilimia 93.7.

Yaani mteja mmoja kawapandisha kutoka 93.7 hadi 112. Na angalia GRR: bila yeye ni 30.6 kwa 38.2, asilimia 80.1. Imesogea kidogo tu. Hii ndiyo sababu naipenda GRR: mteja mkubwa akikua haiwezi kukuhadaa, kwa sababu ya ile dari. Akiondoka ndipo itakupiga.

Kwa hiyo 112 haisemi "wateja wetu wanaongeza". Inasema mteja mmoja ameongeza mara tano, na wale wengine 199 kwa ujumla wao wamepungua. Zote ni kweli, lakini ni sentensi mbili tofauti kabisa mbele ya mwekezaji.

#20 Muuzaji_Mkongwe

Nimesoma kimya toka mwanzo, sasa niseme. Mnaionea hii biashara. Mimi nimeuza mifumo miaka mingi. Ile taasisi haikudondoka kutoka mbinguni. Kuna mtu kalala kwenye nyumba za wageni Sumbawanga na Mpanda kufunga vituo 48. Mzee anamtoa mteja bora kabisa kisha anasema "oneni, waliobaki ni wabovu". Kwa mtindo huo kila biashara ukiitoa nguzo inaanguka.

Mteja wa kwanza kununua kidogo kisha akapanua ndiyo njia inayotakiwa. Angeingia na vituo 60 siku ya kwanza angekuwa mteja mpya na NRR yenu ingekuwa chini ya mia, na kampuni ingekuwa na pesa ile ile. Je, ingekuwa mbovu zaidi?

#21 Mzee_wa_Leja

Mkongwe, hoja yako ya mwisho ni nzito na siipingi. Mpangilio wa mauzo unabadilisha NRR bila kubadilisha pesa. Ndiyo maana si haki kulinganisha NRR ya kampuni inayouza kituo kimoja kimoja na ile inayouza mkataba mzima kwa mkupuo.

Ninachosema ni kwamba mtu akisikia 112 anaipeleka mbele: mwaka kesho 112, keshokutwa 112. Kwa vituo haiendi hivyo. Taasisi ina zahanati ngapi jumla? Zikiisha, ongezeko limeisha.

#22 Nuru_ya_Ilala

Nimeuliza. Zahanati zao zote ni 63. Na jambo lingine nililolijua leo: ada ya vile vituo vipya 48 inalipwa na mradi wa wafadhili, siyo na taasisi yenyewe. Mradi una mwisho wake.

#23 Mama_Maziwa_Mza

Hoteli yangu hiyo.

#24 Mtaa_wa_Kirinyaga

Wadau, naongea kutoka Nairobi. Kuna sababu nyingine ya kuzidi mia ambayo hakuna ameitaja, na kwetu ilitupiga vibaya.

Tulikuwa tunatoza wateja kwa dola, lakini vitabu vyetu ni vya shilingi ya Kenya. Mwanzo wa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 124. Mwisho wa mwaka ule kama 156. Chukua mteja wa dola 1,000 ambaye hajaongeza wala kupunguza chochote. Kwenye vitabu ametoka 124,000 hadi 156,000, karibu asilimia 126. Tulionekana tunauza sana kwa wateja wa zamani. Watu walilipwa bonasi kwa hiyo namba.

2024 shilingi ikapata nguvu, katikati ya mwaka dola ikarudi kama 129. Mteja yule yule, dola 1,000 zile zile, sasa amekuwa asilimia 83. Timu ya wateja ikaitwa kuulizwa kwa nini wateja wanakimbia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekimbia kwa wakati huo.

Tangu hapo tunahesabu NRR kwa sarafu ambayo mteja anatozwa, au tunatumia kiwango kimoja cha dola mwanzo na mwisho. Na kwa GRR kiwango kimoja ni lazima. Shilingi ikipata nguvu, kila mteja anaonekana amepunguza, na dari haikuokoi maana dari inazuia kupanda tu.

#25 Kibuyu_cha_Data

Lakini wale walioona dola imepanda si waliondoka baadaye? Kwa mteja anayepokea shilingi, bei ilikuwa imepanda kwa robo.

#26 Mtaa_wa_Kirinyaga

Waliondoka, ndiyo, ila miezi mingi baadaye, mikataba ilipoisha. Faida ya dola iliingia mwaka mmoja na hasara ya wateja ikaingia mwaka mwingine. Ukiangalia mwaka mmoja mmoja huoni kwamba ni kitu kimoja.

#27 Pwani_Kwetu

Mimi nafuatilia hisa za kampuni za nje, niongeze kidogo. Kampuni kubwa zenyewe hazihesabu kwa namna moja.

Snowflake, wanaouza huduma ya kuhifadhi na kuchambua data, walipokuwa wanaingia soko la hisa 2020 waliandika NRR ya asilimia 158 kufikia Julai. Januari 2022 ikafika 178. Januari 2024 ilikuwa 131. Watu wengi walidhani wateja wameanza kukimbia. Lakini Snowflake mteja analipa kadiri anavyotumia, hakuna kifurushi cha mwezi kama cha Nuru. Mteja akianza kubana matumizi ya kompyuta zake, namba inashuka bila yeye kwenda popote. Na anapoanza tu huwa anahamisha data kidogo kidogo, kwa hiyo miaka ya mwanzo namba inapaa yenyewe.

Twilio, ambao programu za kampuni nyingine hutumia kutuma meseji na kupiga simu, ni mfano mwingine, unafanana na ile taasisi ya zahanati. Robo ya kwanza ya 2017 kipimo chao kilisoma 141, na Uber peke yake ilikuwa asilimia 12 ya mapato. Mei ikatangazwa kwamba Uber inapunguza matumizi, hisa za Twilio zikaporomoka. Robo ya mwisho ya mwaka ule kilisoma 118. Bado juu ya mia, lakini aliyekuwa ameipigia 141 mstari wa kwenda mbele aliumia.

Na Fastly, wanaouza huduma ya kuharakisha tovuti, walikuwa na kipimo kinacholinganisha wateja waliobaki peke yao. Aliyeondoka hayupo mwanzo wala mwisho. Waliandika wazi kwenye maelezo yao, na walikuwa na kipimo kingine kinachowajumuisha, hakuna kilichofichwa. Lakini ukisoma kichwa cha habari tu, unalinganisha vitu viwili visivyofanana.

#28 Mzee_wa_Leja

Pwani ahsante. Nuru, jaribu hiyo ya mwisho kwenye shiti yako uone ukubwa wake. Futa mistari ya wale 52. Mwanzo inakuwa milioni 34 badala ya 40, mwisho ni 44.8 ile ile. Asilimia 132. Mtu akisafisha shiti kwa nia njema kabisa, "hawa hawapo tena, wanajaza nafasi", amepandisha namba kwa alama 20.

#29 Muuzaji_Mkongwe

Narudi. Tumtoe yule mkubwa kama mnavyotaka. Bado kuna ongezeko la milioni 5.2 kwa wengine. Hilo nalo mtalitafutia ugonjwa?

#30 Nuru_ya_Ilala

Nimelifuatilia pia. Julai tulipandisha bei asilimia 10 kwa wote isipokuwa ile taasisi, mkataba wao unazuia. Hiyo peke yake ni milioni 3.06. Kwa hiyo walioongeza huduma kwa hiari ni milioni 2.14.

#31 Mtaa_wa_Kirinyaga

Bila bei basi mko 85.7 kwa wateja 199. Hapo ndipo mnaona mfumo wenyewe unapendwa kiasi gani.

#32 Muuzaji_Mkongwe

Hapana, hapo sikubali. Bei ni mauzo. Mteja aliyepandishiwa bei akabaki amepiga kura kwa pesa yake. Kuitoa ni kusema uaminifu wake hauna thamani. Kampuni isiyoweza kupandisha bei ndiyo yenye shida.

#33 Mtaa_wa_Kirinyaga

Amepiga kura, au hajapata muda wa kuhamisha orodha ya dawa elfu mbili kwenda mfumo mwingine? Kubaki kwa kupenda na kubaki kwa kukwama vinaonekana sawa kwenye safu C.

#34 Mzee_wa_Leja

Mimi niko katikati. Bei ibaki kwenye NRR, lakini iandikwe mstari wake. Na kuna mahali bei inaharibu hata GRR ninayoisifia. Mteja akiondoa moduli moja na ada ikashuka asilimia 8, kisha bei ikapanda 10, mwishoni analipa karibu kile kile. Ile dari inasema amebaki wote. Amepunguza kweli, lakini kwenye shiti haionekani. Kwa hiyo hata ile 81 inaweza kuwa imepambwa kidogo. Ukitaka ukweli wake unahesabu kwa bei ya zamani, na sijui wahasibu wangapi wana subira hiyo.

#35 Kibuyu_cha_Data

Nuru, kwani hao 52 waliondoka kwa sababu ya bei? Mkuu una tarehe zao?

#36 Pwani_Kwetu

Kibuyu, nadhani mkuu ni dada... au nimekosea?

#37 Nuru_ya_Ilala

Ni dada, msijali.

Tarehe ninazo. 34 waliondoka kabla ya Julai, 18 baada. Kwa hiyo wengi hawakuiona hata bei mpya. Katika 52, wenye duka moja ni 41. Nimeanza kuwapigia mmoja mmoja. Leo nimewapata tisa. Watano wamesema kitu kile kile: mfumo ulikuwa unadai tarehe ya kuisha muda kwa kila boksi linapoingizwa, na duka lenye mtu mmoja kaunta halina nafasi ya kuandika hayo wakati mgonjwa amesimama. Wakarudi kwenye daftari. Zahanati zina mtu wa stoo, wao hawalalamiki.

#38 Mama_Maziwa_Mza

Chai ya saa kumi na mbili.

#39 Muuzaji_Mkongwe

Au ni wateja ambao hawakutakiwa kuuziwa tangu mwanzo. Duka la mtu mmoja na daftari lake wako sawa. Bosi akiamua kuachana nao na kufuata zahanati, GRR itapona yenyewe mwaka kesho. Si kila anayeondoka ni hasara.

#40 Kibuyu_cha_Data

Ila ni 18 tu walioondoka baada ya Julai, dhidi ya 34 nusu ya kwanza. Inaonekana mambo yanatengemaa. Labda 81 ni ya zamani na sasa mko vizuri.

#41 Nuru_ya_Ilala

Nilifikiri hivyo jana, nikafurahi. Leo nimegundua kwamba Julai tuliwapa wateja chaguo: lipa mwaka mzima kwa mkupuo kwa bei mpya, upate mafunzo bure. 30 walikubali. Hao hawawezi kuondoka hadi Julai ijayo hata wakitaka. Wanne kati yao hawajaingia kwenye mfumo tangu Oktoba.

#42 Mzee_wa_Leja

Basi hesabu nusu ya pili ukiwaweka pembeni hao 30. Waliokuwa huru kuondoka tangu Julai ni wangapi?

#43 Nuru_ya_Ilala

200 toa 34 ni 166, toa 30 ni 136. Kati yao 18 wameondoka. Asilimia 13 kwa nusu mwaka. Nusu ya kwanza ilikuwa 34 kati ya 200, asilimia 17.

#44 Kibuyu_cha_Data

Imeshuka hata hivyo.

#45 Mtaa_wa_Kirinyaga

Imeshuka, au wale wadogo wa kuondoka waliisha kwanza? Nusu ya kwanza huwa inabeba waliokuwa tayari mlangoni.

#46 Nuru_ya_Ilala

Sijui bado. Kesho nawapigia wale wanne wa Oktoba kabla ya mtu yeyote, kisha natafuta waliobaki kwenye 52. Mkutano ni Alhamisi. Nitapeleka 112, 93.7 na 81 kwenye karatasi moja, na majina ya wateja pembeni. Nitarudi kuwaambia bosi amesemaje.